Listi ya chakula cha msaada: namna inavyotengenezwa, na mahali inapoharibika

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulivunja kingo zake hapa Uvira. Maji na mawe ya mlimani vilishuka ndani ya nyumba za watu, na kukipambazuka maelfu ya jamaa hazikuwa tena na paa wala jiko. Wengine walikimbilia kwenye mashule na makanisa, wengine walipokelewa na ndugu na marafiki. Miaka mitano baadaye, Desemba 2025, mapigano ya bonde la Ruzizi yalisukuma watu toka Kamanyola, Luvungi na Sange waje huku ziwani, na wengi wakavuka mpaka hadi Burundi.

Kila mara mambo kama hayo yanapotokea, kitu cha kwanza kinachofika kwenye avenyu si unga. Ni mtu mwenye kalamu na fishi, anayeuliza: «Hapa munaishi watu wangapi?» Jibu la ulizo hilo ndilo litakaloamua kamiyo itapakia magunia mangapi kwenye depo. Na kisha siku ya ugawaji, watu wanasikia maneno yale yale: jina la huyu halionekani, yule amepewa mara mbili, mama wa watoto wanane amepata sawa na mama wa watoto wawili.

Ukurasa huu unaeleza namna listi hiyo inavyofanywa, toka fishi hadi gunia. Hesabu yenyewe si ngumu, hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Ugumu uko kwenye mambo mawili: kujua jamaa ni nini, na kujua ni nani kweli ameandikwa mara mbili.

Jamaa ni sufuria moja

Kwa listi ya chakula, jamaa (ile wengine wanaita menaje) si ukoo, na si watu wote waliolala chini ya paa moja. Jamaa ni watu wanaokula kwenye sufuria moja. Hiyo ndiyo kanuni, na ajenti mzuri anaanza na ulizo hilo: «Mama, nani wanakula kwenye sufuria yako?»

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini hapa kwetu ndiyo inayobeba kila kitu. Baada ya mafuriko au vita, nyumba moja ya Kasenga au Kimanga inaweza kuwa na jamaa tatu: wenyeji, shemeji aliyekuja na watoto wake toka Sange, na mama mzee toka Luvungi pamoja na wajukuu. Kama wote wanapika pamoja, ni jamaa moja kubwa. Kama kila mmoja ana makaa yake na sufuria yake, ni jamaa tatu, hata kama mlango ni mmoja.

Ni vilevile kwa mwanaume mwenye bibi wawili. Kama kila bibi anapika kwake na watoto wake, hizo ni jamaa mbili, mistari miwili kwenye listi. Lakini mume mwenyewe anahesabiwa mara moja tu, kwa bibi mmoja. Hawezi kula gramu zake huku na kule.

Na mtoto mchanga? Watu wengi wanakataa anapohesabiwa kama mtu mzima. «Huyu anyonya tu, unga wa nini?» Jibu ni hili: kiasi kinachopangwa kwa mtu mmoja ni wastani wa watu wa kila umri. Mashirika yanaanzia kwenye nguvu ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Baba anayebeba mizigo pale bandari ya Kalundu anahitaji zaidi ya hapo, mtoto wa miaka miwili anahitaji kidogo zaidi ya nusu yake tu, na vikichanganywa vinafika karibu na 2,100. Kwa hiyo ukitoa watoto kwenye hesabu, unakuwa umekata mara mbili, na jamaa yenye watoto wengi ndiyo itaumia.

Toka mtu hadi kilo

Kiasi cha chakula kinapangwa kwa gramu za siku moja. Mpango unaotumiwa mara nyingi kwa chakula kikavu ni huu: unga wa mahindi gramu 400, maharagi au mbaazi gramu 120, mafuta ya kupikia gramu 30, na chumvi gramu 5. Ukijumlisha nguvu yake, unakaribia zile kilokalori 2,100. Shirika linaweza kubadilisha kiasi hicho kufwatana na chakula kilichopo, kwa hiyo siku ya ugawaji uliza kiasi cha mwezi huo.

Kisha unazidisha kwa siku 30. Mtu mmoja anapata kilo 12 za unga, kilo 3.6 za maharagi, gramu 900 za mafuta na gramu 150 za chumvi. Toka hapo, jamaa yoyote inapata hesabu yake kwa kuzidisha na idadi ya watu wake:

| Watu | Unga (kilo) | Maharagi (kilo) | Mafuta (kilo) | Chumvi (kilo) |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 12 | 3.6 | 0.9 | 0.15 |
| 3 | 36 | 10.8 | 2.7 | 0.45 |
| 5 | 60 | 18 | 4.5 | 0.75 |
| 7 | 84 | 25.2 | 6.3 | 1.05 |
| 10 | 120 | 36 | 9 | 1.5 |

Angalia kwamba mafuta hapa ni kilo, si litre. Kopo la mafuta la litre 4 lina uzito wa kilo 3.68 tu, juu mafuta ni mepesi kuliko maji. Mtu akichanganya litre na kilo kwenye listi ya watu elfu, kopo kama 20 zitapungua, na hakuna atakayeona mpaka siku yenyewe.

Kuna wakati shirika linakosa muda wa kuhesabu watu, na linagawa fungu moja sawa kwa kila jamaa. Inaeleweka kwa siku za kwanza, wakati watu wamelala nje na hakuna listi. Lakini angalia matokeo yake kwa mwezi mzima. Tuseme kila jamaa inapewa kilo 60 za unga, kana kwamba wote ni watu 5. Jamaa ya watu 3 inapata gramu 667 kwa mtu kwa siku, inaweza hata kuuza kidogo sokoni. Jamaa ya watu 9 inapata gramu 222 kwa mtu, karibu nusu ya inayotakiwa. Unga wenyewe unaweza kutosha kwa mtaa mzima, na bado sufuria moja itajaa na ingine itabaki tupu.

Mfano: listi ya mistari 240

Tuchukue mfano mmoja, tuufwate mpaka mwisho. Si listi ya ugawaji fulani uliofanyika, ni mfano tu, lakini mambo yaliyomo ni yale tunayoyaona kila mara kwenye mitaa yetu.

Ajenti wanne wanapita kwenye avenyu za mtaa mmoja kwa siku mbili. Wanarudi na fishi 240, yaani jamaa 240, na jumla ya watu 1,386. Kila mstari una jina la mkubwa wa jamaa, jina la bibi au bwana, idadi ya watu, mahali walipotoka, nambari ya simu, na nambari ya kadi ya mchaguzi kama ipo.

Kosa la kwanza lingekuwa kutuma namba hizo moja kwa moja kwenye depo. Listi ya siku ya kwanza karibu kila mara ina mistari iliyojirudia, na si juu ya ujanja tu. Ajenti wawili wamekutana kwenye kona ya avenyu moja, kila mmoja ameandika nyumba ile ile. Baba ameandikwa akiwa kazini, mama ameandikwa akiwa nyumbani. Mtu mwingine, ni kweli, amejiandikisha pande mbili kwa makusudi, juu anaogopa kwamba upande mmoja hautapewa.

Kutafuta mistari iliyojirudia

Jambo la kwanza ambalo watu wanawaza ni kulinganisha majina. Hapa kwetu, majina peke yake hayatoshi hata kidogo. Kwenye avenyu moja unaweza kukuta Furaha watatu, Neema wanne, na Bahati ambaye ni mwanaume na Bahati mwingine ambaye ni mwanamke. Kwa Bashi, mapacha wengi wanaitwa Cito na Cikuru, kwa hiyo mji una Cikuru wengi sana.

Kinyume chake, mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa majina mawili yasiyofanana kwa macho. Ajenti mmoja ameandika Riziki, mwingine Liziki. Mmoja Cikuru, mwingine Chikuru. Mmoja ameandika jina la ubatizo, mwingine jina la nyumbani, au «Mama Amani» tu. Kompyuta inaona watu wawili pale ambapo jirani angecheka na kusema: «Lakini ni huyu huyu!»

Ndiyo maana unaanza na simu. Nambari ya simu ni rahisi kulinganisha, lakini inabidi kwanza uisafishe. Mtu mmoja anaandika 081 na tarakimu zinazofwata, mwingine anaanza na +243, mwingine anaacha sifuri ya mbele, mwingine anatia nafasi katikati. Dawa ni kuondoa nafasi na kuchukua tarakimu 9 za mwisho tu. Kwenye Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo iko kwenye kompyuta nyingi za hapa, kama simu iko kwenye kolone E, andika hivi kwenye kolone H:

```
=DROITE(SUBSTITUE(E2;" ";"");9)
```

Kisha kwenye kolone inayofwata, uliza nambari hiyo inaonekana mara ngapi kwenye mistari yote 240:

```
=SI(H2="";0;NB.SI(H$2:H$241;H2))
```

Ikitoa 1, simu hiyo ni ya mstari mmoja. Ikitoa 2 au zaidi, kuna jambo la kuangalia. Ikitoa 0, mtu hana simu, na huyo unamtafuta kwa njia zingine: kadi, jina la bibi au bwana, mahali alipotoka na idadi ya watoto. Usisahau pia kulinganisha jina la mkubwa wa jamaa kwenye mstari mmoja na jina la bibi au bwana kwenye mstari mwingine. Bila hiyo, mume na bibi walioandikwa kila mmoja kama mkubwa hawataonekana kama hawatumii simu moja.

Kwenye mfano wetu, kompyuta inaonyesha mistari 38 yenye simu iliyojirudia, yaani jozi 19.

Jozi 19 si wadanganyifu 19

Hapa ndipo listi nyingi zinaharibika. Usiku umefika, kamiyo itakuja kesho kutwa, na mtu kwenye kompyuta anasema: «Simu ni moja, futa mmoja.» Anafuta mistari 19 na kwenda kulala. Kwa macho yake, listi imekuwa safi.

Kwenye mfano wetu, ajenti hawakufanya hivyo. Walirudi kwenye avenyu pamoja na chefu wa avenyu na watu wawili wa kamati, mmoja kati yao mama. Waligonga mlango wa kila jozi na kuuliza ulizo lile lile la sufuria. Matokeo ni haya.

Jozi 6 zilikuwa jamaa ile ile iliyoandikwa mara mbili na ajenti wawili. Mistari 6 ikafutwa, yenye watu 37.

Jozi 4 zilikuwa mume na bibi, kila mmoja amejiandikisha na watoto wale wale. Mistari 4 ikaunganishwa na mingine 4, na watu 26 wakatoka kwenye hesabu.

Lakini jozi 9 zilikuwa jamaa mbili za kweli. Kwenye jozi 5, jamaa iliyokimbia ilitoa simu ya wenyeji wao, juu simu yao ilibaki nyuma au iliuzwa njiani. Kwenye jozi 2, ni bibi wawili wa mume mmoja, kila mmoja na sufuria yake, na wote wawili walitoa simu ya mume. Mume alikuwa amehesabiwa kwa bibi wa kwanza tu, kwa hiyo hakukuwa na kosa. Kwenye jozi 2 za mwisho, watu wasio na simu walitoa nambari ya chefu wa avenyu.

Fikiri sasa juu ya yule aliyetaka kufuta mistari 19. Angelikata marudio 10 ya kweli, na jamaa 9 zisizo na kosa lolote. Na jamaa hizo 9 ni akina nani? Ni wale wasio na simu, waliolala kwa watu, mama aliye peke yake na watoto wake. Yaani kati ya wote, wao ndio wenye shida zaidi. Mwenye simu mbili na kadi mbili, ambaye kweli amejiandikisha pande mbili kwa makusudi, kompyuta haikumwona hata kidogo.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kompyuta inaonyesha jozi, lakini haifuti mstari. Mstari unafutwa baada ya mlango kugongwa. Na sababu inaandikwa pembeni, ili kesho mtu akija kulalamika, ajenti asiseme tu «mashine imekukataa».

Kusajili kwa alama za vidole kunasaidia kupata wale wa kadi mbili, na mashirika makubwa yanatumia mashine hizo. Lakini hata alama za vidole zinajua mtu tu, hazijui sufuria. Bibi akiweka kidole chake na mume chake, mashine inaona watu wawili tofauti, na kweli ni wawili. Ulizo kama wanakula pamoja linabaki kwa majirani.

Makosa ambayo kompyuta haiyaoni

Kuna makosa mengine yanayotoka tu listi inaposomwa mbele ya watu. Inasomwa kwa sauti kwenye avenyu, jina la mkubwa wa jamaa na idadi ya watu, basi. Simu, kadi na mambo ya ugonjwa havisomwi wala havibandikwi ukutani.

Kwenye mfano wetu, kusoma huko kulileta mambo manne. Kwanza, jamaa 3 zilikuwa na watoto waliohesabiwa kwa mama na pia kwa nyanya yao: wanalala kwa nyanya, wanakula kwa mama. Mistari yote ilibaki, lakini watoto 8 walitoka upande mmoja. Pili, jamaa moja iliyoandikwa watu 14 ilionekana kuwa watu 9 kwenye sufuria, wengine 5 wakiwa wamebaki kijijini. Tatu, mtoto mmoja alikuwa amezaliwa baada ya ajenti kupita, akaongezwa.

Nne, na ndilo lililo kubwa, jamaa 5 zenye watu 24 hazikuwa zimeandikwa kabisa. Siku ajenti walipopita, mama wa jamaa hizo walikuwa shambani ama sokoni. Kama kusoma kungefanyika siku ya ugawaji yenyewe, wangelikuta kamiyo imekwisha kupakiwa bila wao. Ndiyo maana kusoma na malalamiko vinatakiwa kufanyika kabla ya oda kwenda depo.

Hesabu ya mwisho inakuwa hivi. Mistari: 240, toa 6, toa 4, ongeza 5, inabaki 235. Watu: 1,386, toa 37, toa 26, toa 8, toa 5, kisha ongeza 1 na 24. Inabaki watu 1,335.

Toka watu hadi magunia

Sasa jumla ya chakula inatoka kwenye watu 1,335. Unga ni kilo 16,020. Maharagi ni kilo 4,806. Mafuta ni kilo 1,201.5. Chumvi ni kilo 200.25. Vyote pamoja vinazidi kidogo tani 22.

Unaona kwamba jumla haikutoka kwenye jamaa 235. Kama mtu wa ofisini angesema «jamaa moja ni watu 5» na kuzidisha, angepata watu 1,175. Unga ungepungua kwa kilo 1,920, na watu 160 wa mwisho kwenye foleni wangerudi mikono mitupu. Wastani wa watu 5 unasaidia kupanga pesa kabla ya kuhesabu, lakini haufai kupakia kamiyo.

Njia rahisi ya kujichunguza ni kufanya hesabu mara mbili. Kwanza, kila mstari unapata kilo zake, kisha unajumlisha kolone nzima ya unga. Pili, unachukua jumla ya watu na kuizidisha na 12:

```
=SOMME(C2:C236)*12
```

Majibu mawili yasipofanana, kuna mstari ambao mtu ameandika kilo kwa mkono, au idadi ya watu imeandikwa kama neno badala ya namba. Usitume oda kabla ya kuupata.

Mwishoni, depo haitoi kilo, inatoa magunia. Tuseme unga uko kwenye magunia ya kilo 25: 16,020 gawanya kwa 25 ni 640.8, kwa hiyo magunia 641. Maharagi kwenye magunia ya kilo 50 ni 97. Mafuta ni makopo 327, na kwa sababu karato moja ina makopo 6, ni karato 55. Chumvi kwenye magunia ya kilo 25 ni 9, hata kama magunia 8 yanapungukiwa na gramu 250 tu. Hapa unapanda juu daima, hushuki. Na unapanda mara moja tu, kwenye jumla. Ukipandisha kwenye kila jamaa, kilo nusu hapa na pale kwa jamaa 235 zitakuwa magunia mengi, na mtu atauliza yalienda wapi.

Kwenye uwanja, magunia hayakatwi kwa kila jamaa. Jamaa zinapangwa kwenye vikundi ambavyo jumla yao ni karibu watu 25. Kikundi cha watu 25 kinastahili magunia 12 kamili ya unga na karibu karato moja kamili ya mafuta. Kisha wanagawana wenyewe, mbele ya mtu wa kamati mwenye mizani au kopo la kupimia. Kazi inaenda mbio, na unga haumwagiki chini.

Chakula kikiwa kidogo kuliko listi

Mara nyingi depo inajibu: hatuna tani 22, tuna 11. Hapo kuna njia mbili za haki na moja mbaya. Ya kwanza ni kukata gramu za kila mtu kwa nusu. Ya pili ni kubakiza gramu zote lakini kwa siku 15 badala ya 30. Kwa mizani, zote zinatoa kilo 6 za unga kwa mtu. Tofauti ni kwamba ya pili inawaambia watu ukweli: chakula hiki kitaisha baada ya wiki mbili, mujipange.

Njia mbaya ni kugawa kiasi kizima mpaka magunia yaishe. Listi imepangwa kwa avenyu, kwa hiyo avenyu za mwisho ndizo zitakosa, na watu watasema ni ukabila au siasa, kumbe ni mpangilio wa mistari.

Ukikuta jina lako halipo

Kwako wewe msomaji unayeishi hapa Uvira, au kule Makobola na Swima, mambo machache ya kushika. Wakati wa kuandikishwa, sema watu wa sufuria yako, na uombe ajenti akusomee alichoandika, namba kwa namba. Kama huna simu, sema huna, ama eleza kwamba simu ni ya jirani, na iandikwe hivyo pembeni. Taja mtu wa pili anayeweza kukuchukulia chakula ukiwa mgonjwa au umesafiri. Tunza jetoni yako, na ukumbuke idadi ya watu iliyoandikwa juu yake.

Siku ya kusoma listi, kuwepo, ama tuma mtu. Ukisikia jina lako limefutwa, uliza sababu iliyoandikwa, na omba kamati ifike kwenye mlango wako. Kuandikishwa ni bure, na kurudishwa kwenye listi ni bure. Anayekuomba pesa, sehemu ya unga ama kitu cha mwili wako ili jina lako lirudi, amevunja sheria ya kazi yake. Mambo hayo yanapelekwa kwa shirika moja kwa moja, kwenye sanduku la malalamiko au kwenye nambari ya bure iliyoandikwa pale penye ugawaji, bila kupitia kwake.

Na siku ya ugawaji, hesabu mwenyewe kabla ya kuondoka uwanjani. Kilo 12 mara watu wako, kama ni kiasi kizima cha siku 30. Ikipungua, sema pale pale, mizani ikiwa ingali mbele yenu. Ukishafika nyumbani, hakuna tena wa kujua gunia lilifunguliwa wapi.